Zoezi la Uundaji wa Maneno: Kidato cha Tatu

Muda: dakika 20. Alama: 10.

Katika kila sentensi, neno lililoandikwa kwa herufi kubwa liko katika umbo lake la msingi. Liandike upya kwa kuliongezea kiambishi awali, kiambishi tamati au vyote viwili, ili lipatane na sentensi nzima.

1. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo HIFADHI wa majumba yake umekuwa ukijadiliwa ndani na nje ya nchi.
2. JENGA wa zamani walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ikichanganywa BAYA ukuta hupasuka mapema.
3. Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na HARIBU huo uliwahuzunisha wengi.
4. CHONGA wa milango yenye nakshi hana budi kuwa mtu VUMILIA, kwa kuwa pigo moja la haraka huweza kuupasua ubao.
5. VUA huleta samaki wao sokoni alfajiri, na jioni PIKA wa Forodhani huwachoma mbele ya wateja.
6. Mwenye nyumba ya kale haruhusiwi SHERIA kuibomoa bila kibali.
7. Kamati ya mtaa ilimchagua fundi mmoja mzee kusimamia ukarabati, na TEUA huyo akakabidhiwa funguo siku hiyo hiyo.

Majibu na maelezo kwa msahihishaji

Namba 1 ni uhifadhi. Mwanafunzi aliyeacha “hifadhi” asipewe alama, kwani ingawa neno hilo nalo ni nomino, viambishi vya upatanisho katika “wa” na “umekuwa” vinadai nomino ya u-. Namba 2 ni wajenzi, ambapo g ya “jenga” imegeuka z mbele ya kiambishi -i, na vibaya, kielezi chenye vi-. Namba 3 ni uharibifu. Namba 4 ni mchongaji na mvumilivu. “Vumilivu” pekee ipewe nusu alama, maana kivumishi hicho lazima kichukue m- ya “mtu”.

Namba 5 ni wavuvi na wapishi. Anayeandika “wapikaji” ameunda neno kwa kanuni halali, lakini Kiswahili kimekwisha kulizoea “wapishi” kwa watu wa kazi hiyo, ambamo k imekuwa sh; apewe nusu alama. Namba 6 ni kisheria.

Namba 7 ndiyo itakayowatenga wanafunzi makini na wanaobahatisha. Kiambishi -i hutoa “mteuzi”, yaani anayeteua, ilhali -e hutoa mteule, yaani aliyeteuliwa, kama “mtume” alivyo yule aliyetumwa. Hapa kamati ndiyo iliyochagua na fundi ndiye aliyechaguliwa, kwa hiyo “mteuzi” ni kosa la maana, wala si la tahajia, na halipewi alama yoyote.