Slaidi ya 14: mashine yenye hali tatu

Kabla hamjaandika chochote, uangalieni mchoro. Maduara matatu ndiyo hali za mashine: q0, q1, q2. Mshale mfupi usiotoka popote unaingia q0, basi mashine inaanzia hapo. Hiyo hiyo q0 imezungushiwa duara la pili, alama ya hali ya kukubali. Hali moja inaweza kubeba kazi zote mbili, msishangae.

Mishale mingine ni sita. Kila hali ina mshale mmoja wa 0 na mmoja wa 1, kwa hiyo mashine haikwami wala haichagui njia. Kwa jedwali:

```
      0    1
q0   q0   q1
q1   q2   q0
q2   q1   q2
```

Mashine husoma mfuatano kutoka kushoto, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kurudi nyuma. Tuipe 110. Tuko q0, 1 inatupeleka q1, 1 ya pili inaturudisha q0, 0 inatuacha q0. Tarakimu zimekwisha tukiwa kwenye duara la mistari miwili: umekubaliwa. Sasa 101: q0, q1, q2, q2. Umekataliwa.

Sasa 1101, maana hapa ndipo wengi hupoteza alama kila mwaka. Safari yake ni q0, q1, q0, q0, q1. Tumepita q0 njiani, tena zaidi ya mara moja, lakini tumeishia q1. Umekataliwa. Kupita kwenye hali ya kukubali hakuhesabiki. Linalotazamwa ni mahali mlipo tarakimu ya mwisho ikishasomwa. Ndiyo maana hata mfuatano mtupu unakubaliwa hapa: hatujasoma kitu, na tayari tuko q0.

Mashine hii inatafuta nini, basi? Someni mifuatano ile kama namba zinazoandikwa kwa 0 na 1 pekee: 110 ni 6, 101 ni 5, 1101 ni 13. Inakubali namba zinazogawanyika kwa 3. Tarakimu kwenye jina la hali ni baki la namba iliyokwisha kusomwa, ikigawanywa kwa 3. Ukibandika 0 mwishoni mwa namba, umeizidisha kwa 2. Ukibandika 1, umeizidisha kwa 2 na kuongeza 1. Ukiwa q2 ukasoma 1, baki 2 inakuwa 5, na 5 kwa 3 inabaki 2. Ndiyo sababu mshale ule umejizungusha palepale q2. Mimi hapa ndipo ninapoipenda mashine hii: mfuatano uwe na tarakimu 4 au milioni, yenyewe haikumbuki namba, inakumbuka baki tu, na baki zinazowezekana ni tatu tu: 0, 1 na 2.

Fuateni 10101 kwa kidole mchoroni. Mkiishia nje ya q0, rudieni, kwa sababu hiyo ni 21. Kipindi kijacho kila mmoja aje na mchoro wa mashine ya kugawanya kwa 5, maduara matano, na sababu ya kila mshale.