Jibu la swali lako: Uislamu, sheria, elimu na biashara zama za kati

Mwanangu,

Kengele ilitukatisha jana, kwa hiyo nakujibu kwa maandishi. Umeuliza Uislamu ulipoenea uligeuzaje sheria, elimu na biashara. Kitabu chako kimeyatenga mambo hayo sura tatu. Mimi nayaona yamefungwa kamba moja, nayo ni mkataba.

Anzia hapa Kariakoo. Mtu humkabidhi mwenzake mtaji aende China kufuata mzigo, kisha wakagawana faida. Mafakihi, yaani wanasheria wa Kiislamu, waliuita mpango wa namna hiyo mudharaba: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa jasho, faida inagawanywa kwa mafungu waliyokubaliana tangu mwanzo. Mtaji ukipotea bila uzembe wa msafiri, hasara ni ya mwenye mali. Kurani nayo (2:282) inaagiza deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Hapo ndipo watu wa bandari mbalimbali, wasiojuana hata kwa sura, walipopata njia ya kuaminiana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita pwani yetu mwaka 1331, alimkuta kadhi Mogadishu, na watu wa Mombasa na Kilwa wakifuata madhehebu ya Shafii, mojawapo ya njia za kufasiri sheria ya Kiislamu. Mfanyabiashara kutoka Yemen hakuhitaji kufundishwa upya kanuni za deni alipoteremka jahazini.

Elimu je? Fikiria mirathi. Marehemu ameacha mke, wana na mabinti, na kila mmoja ana fungu lake: mke mwenye watoto 1/8, binti nusu ya fungu la mwana. Hesabu hiyo inasumbua kweli! Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika Baghdad karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa masuala ya wasia na mirathi. Wakfu nao, yaani mali iliyotengwa moja kwa moja kwa ajili ya dini au wema, ulibeba gharama: kodi ya maduka iliweza kumlisha mwalimu na wanafunzi wa madrasa miaka na miaka.

Ila usiandike kwamba dini ndiyo iliyoleta biashara pwani. Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, ilikuwa soko tangu karne ya 1, kabla ya Uislamu, na pepo za kaskazi na kusi ni za kale zaidi. Wala usiandike kwamba sheria mpya ilifuta mila. Huko Walata, mji wa Afrika Magharibi, Ibn Battuta aliwakuta Waislamu wanaosali na kusoma fikihi, lakini mtu alirithiwa na watoto wa dada yake, si wanawe mwenyewe. Alishangaa sana. Mtahini atafurahi ukimtajia hilo.

Ushahidi mwingine uko mdomoni mwako: kadhi, wakili, rehani, dhamana, amana, faida, hasara, hesabu, kalamu, karatasi. Yote yametoka Kiarabu. Yapange kwenye jibu lako, uoneshe lipi ni la mahakamani, lipi la sokoni, lipi la darasani. Utaona mengine yanakataa kukaa sehemu moja.

Mwalimu wako wa Historia