Barua ya Kuomba Kazi ya Karani wa Hesabu

Rehema Nafula,
Busia, Uganda.
3 Machi 2025

Kwa Meneja wa Fedha,
Ghala la Nafaka,
Busia.

Bwana Meneja,

KUH: OMBI LA KAZI YA KARANI WA HESABU

Naomba nafasi ya karani wa hesabu mliyoitangaza wiki iliyopita kwenye lango la ghala. Nina stashahada ya uhasibu, na kuanzia 2006 hadi 2013 nilishika vitabu vya duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Tororo: daftari la fedha, leja ya wadaiwa, vocha za malipo na mishahara ya vibarua. Tangu hapo sijaajiriwa. Ni miaka 12, na bila shaka ndicho kitu cha kwanza utakachokiona kwenye wasifu wangu, kwa hiyo nakieleza mapema.

Niliacha kazi nilipojifungua mtoto wa pili, na wa tatu akafuata. Nilipanga kurudi 2020, kitindamimba alipoanza darasa la kwanza. Machi mwaka huo shule zikafungwa, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, na muda wote huo nilisomesha watoto watatu kwenye meza moja. Baadaye mama mkwe alipatwa na kiharusi, nikamuuguza hadi alipofariki mwaka jana. Sijutii miaka hiyo. Sasa mdogo yuko darasa la tano, na dada yangu anakaa nasi, kwa hiyo hata mwisho wa mwezi kazi ikichelewa hadi usiku, nyumba ina mtu.

Hesabu zenyewe sikuziacha. Tangu 2016 natunza vitabu vya kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanachama 28. Desemba 2021, siku moja kabla ya kugawana, sanduku lilipungua shilingi 36,000 kulingana na daftari. Minong'ono ikaanza kumwelekea mweka hazina. Niliomba wasubiri kwanza. 36,000 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na tofauti ikiwa hivyo, mara nyingi kuna tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Nikavipitia vitabu vya wanachama kimoja kimoja, nikaikuta: rejesho la 126,000 limeandikwa 162,000 kwenye daftari kubwa. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilisema mbele ya wote, nikakata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, nikaandika iliyo sahihi kando na kutia saini. Tangu siku ile hakuna ukurasa unaofungwa kabla mtu wa pili hajanisomea kila namba kwa sauti.

Naamini ghala lenu linahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Hesabu ya nafaka huanzia kwenye mzani. Kilo za kwenye karatasi ya mzani zisipolingana na malipo ya mkulima, na malipo yasipolingana na magunia yaliyoingia stoo, hasara huonekana wakati lori limekwisha vuka mpaka. Hapa Busia kuna jambo jingine pia: mteja mmoja analipa kwa shilingi za Kenya, mwingine kwa pesa za simu. Mimi huandika kiasi kilichopokelewa kwa sarafu yake, na kando yake kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo hiyo, kwani kiwango cha kukumbuka wiki ijayo huharibu leja nzima.

Nilipoacha kazi, ankara tuliziandika kwa mkono na karatasi ya kaboni. Sasa kuna EFRIS. Kwa miezi minane iliyopita nimekuwa nikisaidia duka la jirani siku mbili kwa wiki: natoa ankara za EFRIS, natayarisha ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na nahesabu michango ya NSSF, asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, vyote vifike kabla ya tarehe 15. Nafahamu pia kwamba nafaka isiyosindikwa haitozwi kodi hiyo, hivyo mauzo yake yanahitaji safu yake yenyewe. Excel naimudu, pamoja na SUMIF na usuluhishi wa benki. Programu maalumu ya uhasibu bado sijaitumia kazini, na nipo tayari kufundishwa nje ya saa za kazi.

Kama una shaka na miaka 12, nipe taarifa ya benki ya mwezi mmoja pamoja na daftari lake la fedha, nikae navyo asubuhi moja ofisini kwenu, kisha uamue. Nimeambatanisha wasifu wenye namba yangu ya simu, nakala ya stashahada, na barua ya mwenyekiti wa kikundi. Naweza kuanza Jumatatu, 17 Machi.

Wako mwaminifu,

Rehema Nafula