Safari ya kisiwa cha Misali Jumamosi: saa za kuondoka na vitu vya kubeba

Dada Rukia, assalamu alaykum. Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yangu. Skrinshoti ya utabiri wa hali ya hewa uliyonitumia nimeiona, nimekaa nayo tangu baada ya Magharibi. Nakuandikia kwa urefu ili uwasomee na watoto, maana wao ndio watakaofunga mizigo.

Kwanza lile ulilosema, kwamba mvua ni saa 9 kwa hiyo tuondoke saa 4 turudi jioni. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, dada. 09:00 ya pale ni saa 3 asubuhi. Saa 9 alasiri imeandikwa 15:00, na kwenye mstari huo mvua ni asilimia 10 tu. Kwa hiyo tukiondoka saa 4, mvua itakuwa imeshapita bila kutusumbua, halafu tutarudi na upepo mbaya kuliko wote wa siku hiyo. Mimi siogopi mvua ya Jumamosi. Naogopa upepo wa mchana.

Utazame mstari wa «Wind». Pembeni yake pana herufi ndogo, mph, yaani maili kwa saa, na sisi huku tumezoea kilomita. Zidisha kwa 1.6 utapata hivi: saa 12 asubuhi maili 7, sawa na kilomita 11. Saa 3 asubuhi maili 10, kilomita 16. Saa 6 mchana maili 14, kilomita 22. Saa 9 alasiri maili 18, kilomita 29. Saa 12 jioni unaanza kulala tena, maili 13. Ukisoma 18 ukadhani ni kilomita unaona mchezo, kumbe ni zaidi ya mara moja na nusu.

Chini yake pana «Gusts», ndizo zile dharuba, upepo unaokuja kwa kishindo kisha ukaachia. Saa 6 mchana ni maili 19, kilomita 30. Saa 9 alasiri ni 27, na hiyo ni kilomita 43. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la bahari huwa inataja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Sasa sisi tuna Mama na watoto watatu ndani ya mashua. Saa 9 hiyo nataka itukute nyumbani tunakunywa chai.

Halafu upande. Mshale umeandikwa SE, yaani kusi yenyewe, kama kawaida ya Agosti. Asubuhi tukienda, Misali iko magharibi, kisiwa cha Pemba chote kiko nyuma yetu kinatukinga, na upepo unatusukuma. Kurudi ni kinyume: tunaelekea mashariki na kusi inatujia mbele, upande wa kulia. Unakumbuka mwaka juzi tulipong'ang'ania kukaa hadi saa 10. Kila wimbi lilikuja kulia, Mama amekaa kulia, na alipoteremka bandarini Wesha khanga zake zote mbili zilikuwa zinachuruzika na vidole vimemkauka kwa baridi. Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mvua sasa. 09:00 imeandikwa asilimia 35 na 0.4 mm. Asilimia 35 haina maana itanyesha theluthi ya siku. Maana yake zikija siku kumi za namna hii, tatu au nne zitapata mvua saa hiyo na zilizobaki zitabaki kavu. Na 0.4 mm ni maji yasiyofika nusu lita kwenye mita moja ya mraba, rasharasha ya kipupwe, inalowesha vumbi na kuondoka. Ikija itukute tumeshafika, tuko chini ya miti. Ndiyo maana nataka tuwahi.

Joto halina habari kubwa, 23 alfajiri na 29 mchana. Ila tazama «UV», saa 6 imefika 10. Hiyo ni nguvu ya jua kwenye ngozi, na wingu jepesi haliizuii. Baharini inakupiga mara mbili, juu kutoka angani na chini kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Watoto watasema hakuna joto, kwa sababu kusi inawapoza, na usiku hawatalala kwa mabega kuwaka. Kuanzia saa 5 mpaka tunapoondoka, mtu yeyote asikae juani bila nguo.

Limebaki moja ambalo halimo kwenye picha yako, nalo ni maji. Mwezi ni mchanga, tuko kwenye bamvua. Kwa hesabu yangu yatajaa karibu na saa 11 alfajiri, yatapwa kabisa kama saa 5 na robo asubuhi, kisha yatajaa tena jioni. Tukiwahi Wesha tutapanda mashua maji yakiwa bado mengi. Tukichelewa mpaka saa 4 ni kukanyaga tope, na Mama goti lake unalijua. Kurudi saa 8 yatakuwa yameshapanda kama nusu, mashua inasogea vizuri.

Kwa hiyo saa zetu ndizo hizi. Ijumaa mtoke Wete baada ya Alasiri, mlale kwetu Machomane. Jumamosi chai saa 12 na robo, gari saa 12 na dakika 45, mashua inang'oa nanga saa 1 na robo. Saa 2 na robo hivi tuko Misali. Rasharasha ikija tukae chini ya miti tumalizie mandazi. Saa bora za watoto kuoga ni kuanzia saa 3 na nusu hadi saa 5: mvua imepita, jua halijakomaa, maji yanapwa na yanaacha vidimbwi wanavyoweza kukaa humo mnawaona. Ule upande wa magharibi wenye matumbawe wasiende peke yao, kule chini kunashuka ghafla. Saa 6 tunakula. Adhuhuri ni karibu saa 6 na nusu, tutasali pale pale, na Mama atawahadithia wajukuu ile ya Nabii Khidhri aliyewaomba wavuvi msala, wakawa hawana, naye akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, kiwe ndio msala wake. Saa 7 na robo kila mtu ndani ya mashua. Saa 8 na robo tuko Wesha.

Watoto watalia kwamba siku imekatwa. Waambie wana saa tano kamili kisiwani, wachague wenyewe kati ya hizo na saa moja ya kutapika.

Mizigo. Sisi ni watu saba, na sitaki zaidi ya mafungu manne ya kubeba.

Ndoo nyeupe ya lita 20 yenye mfuniko, hiyo ni yako. Ndani yake viingie vile visivyotakiwa kulowa kabisa: khanga mbili kavu za Mama na sweta lake, fulana moja kavu ya kila mtoto, taulo mbili (mbili zinatosha, watapokezana), simu zote, dawa ya presha ya Mama, na pesa taslimu za kiingilio, maana Misali ni hifadhi. Mfuniko ubanwe kabla hatujaondoka Wesha na usifunguliwe njiani, hata mtu akitaka kupiga picha. Nasema ndoo kwa sababu mkoba unalowa, na mfuko wa plastiki si ruhusa.

Madumu matatu ya maji, lita 5 kila moja. Ni lita 2 kwa mtu, na kisiwani hakuna duka. Hayo nitayajaza mimi.

Kikapu cha chakula ni cha shemeji yako, ameshaanza kupanga: mandazi, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, ndimu, na chupa ya chai ya tangawizi. Tangawizi mpe yule wa katikati kabla ya kupanda, ndiye mwenye kigegezi. Asinywe maziwa asubuhi. Aweke na gunia tupu, taka zote tunarudi nazo.

La nne ni mkeka, nitaubeba mimi begani.

Mwilini: watoto wavae fulana za mikono mirefu na waoge nazo hivyo hivyo, usiwaletee nguo za kuogea za mikono mifupi. Kofia yenye kamba ya kidevuni, isiyo na kamba kusi itaichukua. Viatu vya plastiki vya kufunga, champali zinabaki nyumbani kwa sababu kwenye matumbawe zinavuka mguuni na miiba ipo. Mafuta ya kukinga jua wapakwe nusu saa kabla ya kuingia majini, na wapakwe tena wakitoka. Masikio na nyuma ya shingo ndiko kunakosahaulika. Miavuli msibebe hata mmoja. Kwa rasharasha ile haina kazi, na kwenye mashua upepo utaigeuza matumbo nje.

Maboya ya kuvaa nimeshamwambia nahodha, saba, na matatu yawe ya watoto kwa kipimo chao. Nitayahesabu kwa mkono wangu kabla hatujapanda. Mama atakaa kushoto, nyuma, karibu na nahodha.

Sasa lako. Skrinshoti hii ni ya Jumatano usiku, na juu imeandikwa Wete kwa sababu simu imechukua pale ulipo. Ijumaa baada ya Isha, ukiwa kwetu, andika Chake Chake kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue Jumamosi, nasi tutazame mstari mmoja tu: «Gusts» ya 12:00. Ikiwa bado 19, au hata 21, twende. Ikifika 25, hiyo ni kilomita 40, mashua hatupandi. Na hata namba zikiwa nzuri, nahodha akitazama bahari alfajiri akasema hapana, basi ni hapana, na mtu asimbembeleze.

Ikiwa hivyo tunachukua gari mpaka Konde, tuingie msitu wa Ngezi. Ndani ya miti upepo hausikiki, na watoto wataona popo wakubwa wa Pemba wakining'inia mchana kweupe. Mizigo ni ile ile, viatu tu viwe vya kufunika vidole. Saa pia haziharibiki, gari ni saa 12 na dakika 45 vile vile.

Nijibu mambo mawili usiku huu: namba za viatu vya watoto, kwa sababu viatu vya plastiki vipo hapa Chake na nitapita kesho mchana, na kama Mama bado anameza ile dawa asubuhi pamoja na chakula, ili shemeji yako amtolee kitu cha kutia tumboni kabla ya saa 12 na nusu.