Yah: Maombi ya kazi ya usanifu wa grafiki

Kwa Meneja Ubunifu,
Dar es Salaam.

Habari za kazi. Naomba nafasi ya msanifu wa grafiki mliyoitangaza wiki iliyopita. Sitaandika mengi, kazi zenyewe ziko hapa:

neemachora.co.tz/kanga
Naomba uanze na hii. Jina lilikuwa refu, likagoma kuenea juu ya pindo la chini. Sikupunguza herufi, nilibana nafasi kati yake, ili lisomeke hata na anayetembea nyuma ya mvaaji. Rasimu zilizokataliwa nimeziacha palepale makusudi.

neemachora.co.tz/viungo
Lebo za pakiti za gramu 50. Toleo la kwanza kijani kilitoka kimefifia, na kosa lilikuwa langu: nilipeleka faili kiwandani likiwa RGB. La pili ni CMYK. Yaweke yote mawili kando kwa kando.

neemachora.co.tz/nembo
Nembo sita. Ya duka la dawa ndiyo niipendayo, ingawa mteja alichagua nyingine.

Wasifu nimeambatanisha, ukurasa mmoja. Faili za asili nitakuja nazo kwenye usaili. Naweza kuanza baada ya notisi ya siku 28.

Wako mtiifu,
Neema