Mzigo wako uko wapi? Ufuatiliaji, bei na hati ya makabidhiano

Fuatilia mzigo

Andika namba iliyo juu ya stakabadhi yako, kwa mfano DM-0610-4473, kisha bonyeza Tafuta. Kama stakabadhi imepotea, tafuta meseji tuliyokutumia siku ulipoleta mzigo. Namba ni ileile. Mtumaji na mpokeaji wote wanaweza kutafuta, hakuna haja ya kujisajili.

Namba ikikosewa, utasoma hivi: *Namba hii hatuijui. Namba zetu zina herufi mbili tu mwanzoni, zilizobaki zote ni tarakimu. Ukiona duara ni sifuri, si herufi O. Ukijaribu tena ikakataa, bonyeza alama ya simu hapo chini uongee na mtu wa zamu.*

Hivi ndivyo majibu yanavyoonekana. Huu ni mzigo wa fundi cherehani uliotoka Kariakoo kwenda Igoma, Mwanza:

DM-0610-4473: vipande 3, kilo 41. Umekabidhiwa.

Jumanne 10 Juni 2025, saa 10:15 jioni. Umepokelewa Kariakoo. Boksi 1 la kichwa cha cherehani, viroba 2 vya vitenge. Umepimwa mbele ya mtumaji.

Jumanne, saa 2:40 usiku. Umepakiwa. Lori limeondoka Dar es Salaam.

Jumanne, saa 5:20 usiku. Mizani ya Vigwaza. Foleni ndefu, lori limesimama saa moja na nusu.

Jumatano 11 Juni, saa 2:10 asubuhi. Dodoma. Dereva amebadilishana na mwenzake.

Jumatano, saa 8:30 mchana. Singida. Pancha ya tairi la nyuma, limebadilishwa.

Alhamisi 12 Juni, saa 11:45 alfajiri. Umeshushwa ghala la Mwanza. Vipande 3 kati ya 3.

Alhamisi, saa 4:10 asubuhi. Umetoka na bajaji kwenda Igoma. Mpokeaji amepokea simu, yuko msibani, ameomba kesho. Umerudi ghalani.

Ijumaa 13 Juni, saa 5:25 asubuhi. Umekabidhiwa. *Tazama hati ya makabidhiano.*

Saa zote hapa ni za Kiswahili. Zamani tuliandika kwa saa ishirini na nne kama ratiba za ndege, mpaka mama mmoja aliposoma "09:00" akaja kuchukua mzigo wake saa tisa mchana, wakati kijana wetu alimsubiri tangu saa tatu asubuhi. Tukaacha.

Utaona pia kwamba pancha imeandikwa, na foleni ya mizani imeandikwa. Neno "njiani" peke yake halimsaidii mtu mwenye duka linalosubiri mali. Mzigo ukikaa sehemu moja zaidi ya saa 12 bila maelezo mapya, mtu wa zamu anapaswa kumpigia dereva na kuandika alichojibiwa. Asipofanya hivyo, tupigie wewe, tutakuwa tumekosea.

Na "umefika" si "umekabidhiwa". Mzigo ulioshushwa ghalani Mwanza umefika Mwanza, basi. Neno la mwisho tunaliandika pale tu mpokeaji anapokuwa ameushika.

Omba bei

Tujibu nini inategemea umetuambia nini. Jaza haya:

*Mzigo unatoka wapi?* Mkoa, wilaya, mtaa.

*Unakwenda wapi?* Mtaa pamoja na alama ambayo bodaboda yeyote wa hapo anaijua. "Igoma, nyuma ya msikiti, geti la bluu" inatufaa kuliko "Igoma, Mwanza". Kama unataka mpokeaji aje kuchukua ghalani mwenyewe, weka alama hapa, bei inashuka.

*Ndani kuna nini?* Usiandike "vitu" wala "mali mchanganyiko". Andika vyombo vya udongo, vipuri vya pikipiki, nguo za watoto. Tukijua ni vyombo, havitawekwa chini ya magunia ya mchele.

*Vipande vingapi, uzito gani, ukubwa gani?* Kama huna mizani nyumbani, kadiria, tutapima ukileta. Ukubwa upime kwa futi kamba ya fundi, kwa sentimita: urefu, upana, kimo.

*Thamani yake?* Sema ukweli. Kikipotea, hicho ndicho kiasi tutakachofidia, si zaidi.

Bonyeza Nipe bei. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, jibu linakuja kwa meseji ndani ya nusu saa. Bei hiyo inashikilia siku 7.

Watu hutuuliza sana kwa nini boksi jepesi linalipiwa kama zito. Chukua boksi la mito, sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Kwenye mizani lina kilo 9. Lakini ndani ya lori limekula nafasi ambayo tungeweka mzigo mwingine. Kwa hiyo tunazidisha 60 × 50 × 40, tunapata 120,000, tunagawa kwa 5,000, inakuja kilo 24. Unalipia 24. Ukiibana mito kwa kamba, ikaingia kwenye boksi la 50 kwa 40 kwa 30, hesabu inashuka hadi kilo 12, na hakuna atakayekulaumu.

Bei ya mzigo wa Igoma ilikuwa hivi: usafiri kilo 41 kwa shilingi 900, sh. 36,900; kupeleka hadi mlangoni sh. 5,000, ulinzi wa mali ya sh. 850,000 kwa asilimia 1, sh. 8,500. Jumla ndogo sh. 50,400. VAT asilimia 18, sh. 9,072. Jumla kuu sh. 59,472, na risiti ya EFD juu yake. Unaweza kulipa wewe, au mpokeaji alipe kabla ya kusaini.

Hatubebi petroli, mitungi ya gesi, fedha taslimu, wala kuku hai. (Kuku tumeombwa mara nyingi kuliko mnavyodhani.)

Hati ya makabidhiano

Hati haifunguki kwa namba ya mzigo tu. Weka pia tarakimu 4 za mwisho za simu ya mtumaji au mpokeaji, maana ndani yake kuna picha ya mlango wa mtu.

DM-0610-4473

Imekabidhiwa: Ijumaa 13 Juni 2025, saa 5:25 asubuhi, Igoma, Mwanza.
Aliyepokea: mdogo wake mpokeaji, kwa idhini ya mpokeaji kwa simu saa 5:18.
Namba ya siri: imetajwa, imekubaliwa mara ya kwanza.
Vipande: 3 kati ya 3.
Picha: mbili. Ya kwanza, mizigo mitatu barazani. Ya pili, kiroba cha pili kwa karibu.
Hali: kiroba cha pili kimechanika pembeni, kama sentimita 6. Kimefunguliwa mbele ya aliyepokea, vitenge vimehesabiwa, doti 30, vyote vikavu.
Saini: ipo.
Maoni ya aliyepokea: "Asanteni, ila kiroba mngekifunga mara mbili."

Ile namba ya siri ya tarakimu 4 hutumwa kwa simu ya mpokeaji asubuhi ya siku ya kupelekewa. Usimpe mtu kwa simu, hata akisema anatoka kwetu. Kijana wetu ataiuliza akiwa amesimama mbele yako na mzigo mkononi. Hatumwachii mlinzi wa getini mzigo mpaka wewe mwenyewe umpigie kijana umruhusu, na jina la mlinzi litaandikwa.

Ukikuta kitu kimevunjika au kimepungua, bonyeza Sikubaliani na hati hii ndani ya saa 48, weka picha, na usitupe boksi. Tunalihitaji boksi: mara nyingi ndilo linaloonyesha kama kilivunjikia kwetu au kilifungwa vibaya tangu mwanzo. Majibu ni ndani ya siku 5 za kazi.