Mashine ya Kujilipia: Maneno ya Skrini na Sauti

Mwanzo
Karibu, mteja wetu. Gusa skrini uanze. Mashine hii inapokea kadi, MTN MoMo na Airtel Money. Ukiwa na noti, nenda kaunta namba 2, keshia yupo.

Umekuja na mfuko wako? Uweke mtupu kwenye bamba la kulia, gusa NINA MFUKO, subiri mlio.

Kupima
Kitu hakina msimbo wa mistari? Kiweke kwenye mizani, ondoa mkono, gusa PIMA. Mkono ukibaki juu, bei inapanda.

Mizani haijatulia. Subiri kidogo.

Umechagua NDIZI. Angalia picha vizuri, maana bei hazifanani. Matoke: za kijani, za kupika. Gonja: ndefu na nene, za kuchoma au kukaanga. Bogoya: kubwa, za kula zikiwa zimeiva. Ndizi sukari: ndogo, tamu. Huna hakika? Gusa ITA MHUDUMU, usibahatishe.

Mkungu mzima haupimwi hapa. Mhudumu ataupima kwenye mizani ya sakafuni.

Nanasi linauzwa kwa moja. Gusa idadi.

Nyanya: kilo 0.750. Kilo moja ni shilingi 4,000. Unalipa shilingi 3,000. NDIYO au PIMA TENA.

Kufunga mfukoni
Weka nyanya mfukoni.

Uzito haulingani. Kuna kitu mfukoni ambacho bado hakijapita kwenye kioo cha kusoma msimbo. Kitoe, kipitishe, kisha kirudishe.

Bado uzito haulingani. Usijali, hatukudhanii vibaya. Huenda mfuko umeegemea ukingo, au mtoto ameshika bamba. Mhudumu anakuja.

Kitu hiki ni chepesi, mizani haikihisi. Kama umeshakiweka, gusa NIMEWEKA.

Umetoa kitu kabla ya kulipa. Kirudishe. Kama hukitaki tena, gusa FUTA KITU.

Mfuko umejaa? Usiuondoe bado. Gusa MFUKO MWINGINE kwanza.

Mhudumu
Umeita mhudumu. Taa nyekundu inawaka juu ya mashine. Baki na vitu vyako, orodha yako haitapotea. Mhudumu anazungumza Kiswahili, Luganda na Kiingereza.

Umepitisha pombe. Mhudumu lazima ahakikishe umetimiza miaka 18. Andaa kitambulisho.

Mhudumu ameshughulikia tatizo. Endelea ulipoishia.

Malipo
Jumla ni shilingi 46,500. Chagua njia ya kulipa.

Andika namba yako ya simu. Ombi la malipo linatumwa kwako. Weka PIN kwenye simu yako mwenyewe. Mhudumu wetu hataiuliza kamwe. Akiiuliza mtu yeyote, usimpe, mwite msimamizi.

Malipo hayajathibitishwa. Tafadhali usilipe mara ya pili. Soma ujumbe kwenye simu yako. Kama pesa zimekatwa, gusa ITA MHUDUMU umwonyeshe ujumbe huo, bila kuondoka hapa.

Malipo yamepokelewa. Asante. Chukua risiti yako ya EFRIS, ishike mkononi: mlinzi wa mlangoni ataiomba.